Namba ya Jedwali Si Dozi

Bibi aliletwa hospitali alfajiri, ameegemezwa na binti zake wawili, ulimi mzito na kifundo cha mkono kimevimba. Alikuwa ameanguka akienda msalani. Binti mkubwa alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, mama amepooza?" Mimi si daktari, ni mfamasia wa wodi, lakini kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa hivyo. Mkono wa bibi ulikuwa umevunjika. Kiharusi hakikuwepo. Kilichokuwepo ni karatasi ya dawa ya siku 9 zilizopita, kutoka kituo kingine cha afya, yenye hesabu isiyo na kosa hata moja.

Bibi ana miaka 68. Kwa miaka 6, tangu kufiwa na mumewe, alikuwa akimeza alprazolamu miligramu 0.5 asubuhi, mchana na usiku, jumla 1.5 kwa siku. Mganga wake aliamua, na aliamua vyema, kwamba wakati umefika wa kumwachisha. Akafungua jedwali la dozi linganifu, akakuta alprazolamu miligramu 0.5 ni sawa na diazepamu miligramu 10. Tatu mara kumi, thelathini. Akaandika diazepamu miligramu 10 mara tatu kwa siku kuanzia kesho, na alprazolamu isimame hapo hapo.

Siku 3 za kwanza bibi alikuwa salama, hata jamaa wakafurahi. Siku ya tano alianza kusinzia mezani. Siku ya saba maneno yakaanza kumponyoka. Siku ya tisa akaanguka.

Nimelisimulia hili kwa wenzangu mara nyingi, na karibu kila mara hujibiwa kwamba mganga alikosea kusoma. Hapana. Alisoma sawasawa. Alichokosea ni kuamini imani iliyoenea miongoni mwetu: kwamba dawa za kundi la benzodiazepini hubadilishana kama fedha. Huku alprazolamu, kule lorazepamu au klonazepamu, katikati diazepamu kama sarafu ya kubadilishia, na jedwali ndilo ubao wa viwango. Siku hizi kuna na vikokotoo vya simu: unaingiza dawa, unaingiza miligramu, jibu linatoka na nukta yake ya desimali. Nukta hiyo ndiyo inayotudanganya zaidi. Imani hii ni ya hatari, na ninakusudia kuipinga hatua kwa hatua.

Anza na jambo rahisi kabisa: majedwali yenyewe hayakubaliani. Jedwali maarufu kuliko yote ni la Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi mjini Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994. Kwake, diazepamu miligramu 10 inalingana na alprazolamu 0.5, klonazepamu 0.5, au lorazepamu 1. Kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza hufuata uwiano huo huo. Lakini vuka bahari uende Marekani, utakuta majedwali yanayoandika alprazolamu 1 na lorazepamu 2 kwa diazepamu 10 ile ile. Maana yake ni nini kwa bibi yetu? Kwa jedwali moja anastahili diazepamu miligramu 30 kwa siku, kwa jingine 15. Hiyo si tofauti ya chenji. Ni dozi nzima mara mbili, na wote wawili walioandika ni watu wenye elimu na uzoefu.

Mtetezi wa jedwali atasema tuchague basi lililo sahihi, tulitumie nchi nzima, mzozo uishe. Hapo ndipo asipoelewa namba hizi zilitoka wapi. Hakuna mizani iliyowahi kupima alprazolamu dhidi ya diazepamu katika mwili wa kila aina ya mtu. Namba nyingine zilizaliwa kwa kuwapa watu wazima wenye afya kidonge kimoja kimoja na kutazama nani amesinzia zaidi. Nyingine zilitokana na kulinganisha dozi za kawaida zilizopendekezwa na watengenezaji. Za Ashton zilitokana na kuwatazama wagonjwa wake wa kliniki, watu waliokuwa wamekunywa dawa hizo miaka mingi, na yeye mwenyewe alionya wazi kwamba zinaweza kutofautiana kati ya mtu na mtu. Sisi tumechukua safu za namba zake, onyo lake tukaliacha kwenye ukurasa.

Halafu, "sawa" kwa lipi? Dawa hizi zote hufanya kazi mahali pamoja katika ubongo, zikiipa nguvu kemikali inayotuliza iitwayo gaba. Lakini mtu humeza kwa sababu zake: mmoja kwa hofu inayomvamia ghafla, mwingine kwa usingizi, mwingine kwa kifafa. Dozi mbili zinazolingana kwa kuleta usingizi si lazima zilingane kwa kuzuia degedege. Ndiyo maana mgonjwa wa kifafa anayetumia klonazepamu hapaswi hata kidogo kuhamishwa kwa kusoma safu ya jedwali. Kwake kosa la hesabu halitakuja kama kusinzia, litakuja kama degedege.

Sasa nifike kwenye kiini, maana hapa ndipo bibi alipoangukia. Jedwali lina safu ya miligramu. Safu ya muda halina.

Fikiria mitungi miwili yenye matundu chini. Mtungi wa alprazolamu una tundu kubwa: kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya dawa hutoka mwilini kwa takriban saa 11, hivyo baada ya siku nzima kinachobaki katika kidonge kimoja ni kama sehemu moja kati ya tano. Ndiyo maana humezwa mara tatu, na ndiyo maana walioizoea huhisi mwili unadai kabla saa ya kidonge haijafika. Mtungi wa diazepamu una tundu la sindano. Nusu yake huchukua siku moja, mbili, kwa wengine hadi nne kutoka.

Tuchukue mtu ambaye nusu yake hutoka kwa siku 2, apewe miligramu 30 kila siku. Siku ya kwanza ana 30 mwilini. Kesho yake zimebaki kama 21, unaongeza 30, zinakuwa 51. Siku ya tatu zinafika 66. Mtungi unaendelea kujaa, kila siku kidogo kuliko jana, mpaka kile kinachovuja kilingane na kile kinachomiminwa. Hapo mtu huyo anabeba takriban miligramu 100. Karatasi yake ya dawa bado inasema 30.

Na hiyo ni diazepamu peke yake. Ini linapoichakata, hulizalisha zao liitwalo desmethildiazepamu, ambalo si taka. Nalo hutuliza, nalo hulegeza misuli, na hukaa mwilini muda mrefu kuliko mama yake: nusu yake huweza kuchukua siku 4 au zaidi. Linahitaji wiki 2 hadi 3 kufikia kimo chake. Kwa hiyo dozi uliyoianza Jumatatu hujaijua bado Ijumaa. Utaijua wiki ya pili, na kuna wazee ambao utaijua wiki ya tatu.

Tazama tena siku za bibi kwa jicho hilo. Siku 3 za mwanzo zilizowafurahisha jamaa hazikuwa dalili kwamba dozi ni sahihi. Zilikuwa siku za mtungi kujaa. Mganga angempigia simu siku ya tatu, kama tufanyavyo wengi, angejibiwa kwamba mama hajambo, na angeweka alama ya vema kwenye faili.

Mambo mengine mawili yalimzidishia. La kwanza ni umri. Diazepamu hukaa muda mrefu zaidi katika mwili wa mzee, na ubongo wa mzee huathirika kwa kiasi ambacho kijana hangekihisi. La pili lilikuwa kwenye mkoba wake: omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, ambayo hakuna aliyemuuliza. Diazepamu huondolewa na vimeng'enya vya ini, hasa viwili, na omeprazoli hukizuia kimojawapo. Tundu la sindano likazibwa nusu. Jedwali lisingeweza kujua hilo. Halina safu ya umri, halina safu ya ini, halina safu ya mkoba.

Tulimlaza. Diazepamu ilisimamishwa kwa muda chini ya uangalizi, kwa sababu akiba iliyokuwa mwilini ilitosha kumlinda wakati ikishuka polepole yenyewe. Omeprazoli ikabadilishwa. Aliporudi kuongea vizuri na kusimama bila kuyumba, tulianza upya kwa kiasi kidogo, tukamtazama, tukaongeza kidogo. Akatulia kwenye miligramu 5 asubuhi na 7.5 usiku. Jumla 12.5. Jedwali lilimwandikia 30.

Najua msomaji mwepesi atasema basi jedwali la Marekani, lenye 15, ndilo la kweli. Aniruhusu nimlete fundi cherehani mmoja wa miaka 34, mwenye alprazolamu 1.5 ile ile kwa siku. Yeye alihamishwa kwa namba ndogo, diazepamu 15, nayo pia kwa siku moja. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, jasho likimtoka, moyo ukimwenda mbio, usingizi hakuna. Yeye alikuja kutulia kwenye 25. Watu wawili, dozi moja ya mwanzo, na mmoja alihitaji mara mbili ya mwenzake. Jedwali lolote litakalomfaa huyu litamuumiza yule.

Hapo kuna jambo ambalo kila anayetoa dawa hizi anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake, nalo ni tarehe ya dalili. Namba ikiwa ndogo mno, mwili hulalamika mapema: alprazolamu hutoka haraka, na ndani ya siku 1 hadi 3 utaona mtetemo, jasho, wasiwasi uliozidi ule wa zamani, kukosa usingizi, na kwa wachache degedege. Namba ikiwa kubwa mno, mwili hulalamika kwa kuchelewa: usingizi wa mchana unaozidi kila siku, ulimi mzito, kuyumba, kusahau, kuanguka, kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza na kuendelea. Mganga asiyejua hivyo humkuta mzee aliyepumbaa siku ya kumi akadhani ni uzee, malaria, au kiharusi. Mbaya zaidi, huona wasiwasi wa siku ya pili akaongeza dozi mara mbili kwa pupa, kabla mtungi haujajaa, na wiki ya pili humkuta mgonjwa hawezi kuamka.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna suala jingine ambalo majedwali ya Newcastle na Marekani hayakuwa na sababu ya kulifikiria sana, nalo ni kifua kikuu. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya miezi 6, huamsha vimeng'enya vya ini kwa nguvu kubwa, na diazepamu na alprazolamu zote huondolewa haraka kuliko kawaida. Mgonjwa aliyekuwa ametulia hurudi akilalamika kwamba dawa imeisha nguvu. Ukimwita mraibu anayetafuta vidonge zaidi, umemdhulumu. Kinyume chake hutokea mwisho wa miezi 6: rifampisini ikikoma, vimeng'enya hurudi usingizini ndani ya wiki 2 hivi, na dozi iliyopandishwa kumfaa mgonjwa wa kifua kikuu ghafla inakuwa kubwa mno kwa mtu aliyepona. Kidonge ni kile kile, na namba kwenye jedwali ni ile ile.

Sisemi tuyachome majedwali. Wapo wanaofika huko, nao siwaungi mkono. Bila jedwali, mtu asiyejua kwamba klonazepamu ni kali kuliko diazepamu mara nyingi kwa uzito ule ule angeweza kubadilisha miligramu kwa miligramu, na hilo lingekuwa janga. Jedwali linakuambia uko mtaa gani. Nyumba utaitafuta kwa miguu.

Kutafuta kwa miguu kuna utaratibu, na si wa siri. Kitabu cha Uingereza husema uhame dozi moja moja, na Ashton aliuandika kwa kina: badilisha dozi moja ya siku kwa wakati mmoja, ukianza na ya usiku, na uache siku chache hadi wiki nzima kabla ya kugusa nyingine. Kwa bibi ingekuwa hivi. Wiki ya kwanza, alprazolamu ya asubuhi na ya mchana zinabaki, ya usiku inaondoka na mahali pake inaingia diazepamu. Jedwali linasema 10, jingine linasema 5. Kwa mwenye miaka 68 unachukua 5. Ukikosea, umekosea theluthi moja ya siku, usiku, akiwa kitandani, na bado ana theluthi mbili za dawa aliyoizoea zikimlinda dhidi ya degedege. Baada ya wiki unamuuliza yeye na anayeishi naye: asubuhi anaamkaje, anatembeaje, na kabla ya kidonge kinachofuata mwili unadai au umetulia? Majibu hayo ndiyo jedwali lake la kweli. Kama analala mchana, dozi ya pili ya alprazolamu inaweza kuondolewa na diazepamu isiongezwe kabisa, kwa kuwa ile ya usiku tayari inafanya kazi mchana. Kama anatetemeka, unaongeza kidogo na kusubiri. Ndani ya wiki 3 hadi 5 amehama, na namba aliyofikia umeipata kwake.

Na wapo wasiopaswa kuhama hata kidogo. Mwenye ini lililoharibika huchakata diazepamu polepole mno, na mtungi wake huvuja kidogo sana. Lorazepamu na oksazepamu hupita njia fupi ya ini ambayo huharibika kwa kuchelewa, hivyo mtu huyo akiwa anatumia lorazepamu ni heri apunguziwe lorazepamu ile ile. Vivyo hivyo mzee dhaifu aliyekwisha kuanguka. Desturi ya kwamba kila anayeachishwa lazima kwanza apitishwe kwenye diazepamu ni mtoto wa imani ile ile ya sarafu.

Nabaki na hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, kwa sababu hutoka kwa watu waliochoka kwa haki. Wanasema kliniki ina watu 70 kwa siku, mganga ni mmoja, nani ana muda wa mahudhurio 4 kwa kubadilisha vidonge vitatu? Naujua msongamano huo, nimeusimamia dirishani. Lakini tuhesabu kweli. Bibi alilazwa siku 8, akapigwa picha ya kichwa na ya mkono, akafungwa plasta wiki 6, na binti mmoja akaacha biashara yake sokoni kumuuguza. Mahudhurio 4, mawili kati yake kwa simu kwa binti anayeishi naye, yangechukua chini ya saa moja ya mganga. Foleni haikupungua kwa kumhamisha bibi siku moja. Ilihamishiwa wodini.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye stakabadhi. Fundi cherehani, baada ya siku zake mbili za mtetemo, alirudi mtaani kununua alprazolamu bila karatasi, kwa sababu aliamini hospitali ilitaka kumwua. Ilituchukua miezi kumrudisha. Mtu aliyeogopeshwa na hatua ya kwanza haji kwa hatua ya pili, na hatua ya pili, ile ya kupunguza diazepamu miligramu 1 au 2 kila wiki 2 hadi 4, ndiyo safari yenyewe.

Kwa hiyo nawaomba waandikao: mnapotumia jedwali, andikeni kwenye faili ni jedwali la nani, na mwandike namba mbili, ya chini na ya juu, ili anayefuata ajue kwamba mlikuwa mnakadiria. Wekeni tarehe ya kumwona mgonjwa katika wiki ya pili, siyo siku ya tatu. Ulizeni mkoba. Na kwenu wafamasia wenzangu, wa hospitali na wa maduka ya mitaani: ikija dirishani karatasi inayofuta alprazolamu, lorazepamu au klonazepamu yote kwa siku moja na kuweka diazepamu yote mahali pake, msitoe kidonge kabla hamjampigia simu aliyeiandika.